Kurasa Kumi na Nne za Mtu Mwingine

Watu wa Mishomoroni wanamjua Quinter Adhiambo kwa mambo mawili. La kwanza ni kicheko chake, ambacho ukikaa kwenye benchi la maabara utakisikia hata milango ikiwa imefungwa. La pili ni mafaili. Katika hospitali ya misheni anakotunza kumbukumbu za wagonjwa, ambayo jina lake naliacha kwa kuwa watu wake wangali kazini, hakuna faili ambalo Quinter hakulipata. Madaktari wanapenda kumjaribu. Humwambia, "Yule mama wa Bamburi aliyejifungua pacha mwaka ule wa mafuriko," naye hutia miwani, huingia kati ya rafu, na kabla chai haijapoa anatoka na jalada mkononi, vumbi puani.

Alikuja kutoka Homa Bay mwaka wa 2014, na Kiswahili chake siku zile kilikuwa cha kuchekesha. Mgonjwa wa kwanza aliyemhudumia alikuwa bibi mmoja wa Kisauni, naye Quinter akamuuliza, "Wewe unataka nini?" Bibi akamtazama juu mpaka chini, akaketi, akakataa kusema neno mpaka aamkiwe. Quinter alijifunza. Leo anaamkia, anaulizia watoto, anaulizia kuku, ndipo anaulizia namba ya kadi. Wenyeji bado wanamtania kwa namna anavyovuta maneno, lakini wanamtania kama mtu wao.

Kazi ya kumbukumbu si kazi ya kusifiwa. Mgonjwa akipona, atamshukuru daktari. Akifa, watu watamlaumu muuguzi. Mwenye mafaili hakumbukwi mpaka siku faili lipotee, na Quinter alikuwa na fahari kwamba siku hiyo haikuwahi kufika. Fahari ile ndiyo iliyokuja kumgeukia.

Jumatatu moja asubuhi, foleni ya dirishani ilipopungua, alikuja kijana mrefu mwenye mabega ya mtu wa kubeba vizito. Alishika bahasha kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani? Nyote wazima?"

"Sisi wazima. Mimi ndiye niliyekufa ningali hai." Akaweka kitambulisho juu ya ubao. "Naitwa Ngowa Katana, wa Kiembeni. Nataka faili langu. Lote. Sitaki muhtasari tena, muhtasari wenu ndio ulioniua."

Quinter akamfungulia mlango wa pembeni, akampa kiti. Ngowa akaeleza. Miaka minne alikuwa akifunga makontena bandarini, na kila alichopata alikipeleka kwenye mafunzo ya ubaharia. Sasa kampuni moja ya meli ilikuwa imemkubali kuwa baharia wa sitaha. Kilichobaki ni cheti cha afya kutoka kwa daktari anayepima mabaharia. Daktari huyo alimuuliza kama amewahi kulazwa, naye, kwa kuwa ni mkweli, akasema alipasuliwa kidole tumbo hapa misheni mwaka wa 2019. Akaambiwa alete karatasi. Hospitali ikampa muhtasari wa ukurasa mmoja, uliotiwa sahihi na tabibu wa zamu, na kwenye mstari wa tatu paliandikwa: *Mgonjwa wa kifafa, anatumia dawa.*

"Mimi, mama! Sijaanguka hata siku moja, labda nikicheza mpira. Na mtu wa kifafa hapandishwi melini, hilo halina mjadala. Nilibishana na yule daktari mpaka akanionea huruma. Akasema, niletee faili zima, kila karatasi, nitazame mwenyewe. Jumatano ya wiki ijayo kampuni inafunga majina. Nisipokuwa na cheti, nafasi yangu anapewa mwengine."

Alisema maneno ya mwisho polepole. Quinter alikuwa na mwana wa umri huo huo Homa Bay, na kijana yule akamwingia moyoni moja kwa moja.

"Sikiliza, Ngowa," akamwambia. "Haki ya kupata nakala unayo, wala huombi fadhila. Lakini jambo hili lina njia yake. Jaza fomu hii, andika unachotaka. Mimi nitanakili kitambulisho chako, maana siwezi kumpa mtu habari za mwenziwe kwa sababu tu anajua jina. Tukishapokea, tuna siku saba. Hutozwi kitu. Daktari atalipitia faili kwanza, halafu nitatoa nakala, kila ukurasa na mhuri wake. Faili lenyewe linabaki hapa."

"Siku saba ni Jumatatu."

"Nitajitahidi iwe Ijumaa."

"Mama, usinifiche kitu. Hata kama kweli ninacho kifafa na sikijui, niandikieni."

"Sitakuficha kilicho chako," Quinter akasema. Aliyasema hayo bila kufikiri sana, na kabla ya saa sita mchana yalikuwa yamemkaba.

Kijana alipoondoka, Quinter akalileta faili mezani. Kurasa hamsini na tano. Akaanza nyuma kuja mbele, kama alivyozoea. Upasuaji wa 2019, shwari. Malaria ya 2017, shwari. Mkono uliovunjika 2016. Halafu akaingia kwenye karatasi nzee zilizogeuka rangi, na hapo ndipo alipopata kifafa: kuanguka, kutoka povu, vidonge vya kumeza kila siku, kurudi kliniki, vidonge tena. Kurasa kumi na nne, kuanzia 2009 hadi 2015. Jina, Ngowa Katana. Mahali, Kiembeni. Namba ya simu, ile ile. Lakini kwenye nafasi ya umri mwandishi wa zamani, kwa uvivu wa kuuliza, hakuandika miaka. Aliandika "mtu mzima", basi.

Quinter akavuta nakala ya kitambulisho. Kijana alizaliwa 1998. Mwaka wa 2009 alikuwa na miaka kumi na mmoja, mtoto wa shule ya msingi. Mtu mzima gani huyo?

Sasa hapa lazima nieleze jambo ambalo kila Mgiriama analijua toka tumboni. Mzaliwa wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu yake, baba wa babake. Ngowa akimzaa Katana, Katana atamzaa Ngowa, na Ngowa huyo atamzaa Katana. Majina yanapokezana. Kwa hivyo babu ni Ngowa Katana, na mjukuu ni Ngowa Katana, nyumba moja, mji mmoja, na zamani hata simu moja ikilala kwenye mfuko wa shati la babu. Mwenyeji akiona kadi mbili za jina moja, swali lake la kwanza ni, yupi, mkubwa au mdogo? Mgeni akiziona, atadhani ni mtu mmoja aliyeandikishwa mara mbili.

Na mgeni ndivyo alivyodhani. Ndani ya jalada palikuwa na mstari wa wino wa buluu: *Mafaili mawili ya mgonjwa mmoja. Yameunganishwa. Q.A., Agosti 2015.* Ndio mwaka hospitali ilipoingiza kompyuta, na wafanyakazi waliambiwa wapunguze mafaili yaliyorudiwa. Kuna mmoja aliyeyapunguza kwa bidii kuliko wote, hata akapewa cheti cha pongezi. Alikuwa yeye.

Quinter alikaa akiutazama mwandiko wake. Aliona haya kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Halafu akafungua kompyuta kumtafuta babu, na aibu ikageuka kuwa hofu. Mzee Ngowa Katana, aliyezaliwa 1946, alirudi hospitalini mwaka wa 2016. Faili lake la zamani halikuonekana kwenye kompyuta, akafunguliwa jipya. Ndani yake mlikuwa na presha, goti, na kikohozi. Neno kifafa halimo. Miaka yote hiyo hakuna daktari hata mmoja aliyejua kwamba mzee yule anatumia vidonge vya kifafa, kama bado anavitumia.

Niseme ukweli, shetani alimpitia. Ingekuwa rahisi mno. Achomoe kurasa kumi na nne, azirudishe kwa mzee, abandike namba mpya, na mstari wa buluu ufunikwe kwa karatasi. Kijana angepata faili safi, daktari wa mabaharia angetikisa kichwa kukubali, na Quinter angebaki malkia wa mafaili. Nani angejua? Lakini muhtasari ule wenye mhuri wa hospitali ulikuwa tayari mezani kwa daktari wa mabaharia. Akipokea faili lisilo na neno kifafa hata mara moja, bila maelezo, angesema nini ila kwamba kijana amelisafisha? Uongo wa Quinter ungemzamisha Ngowa zaidi. Akalikumbatia jalada kifuani, akapanda ngazi kwenda kwa Bi Jalila.

Bi Jalila ndiye msimamizi wa hospitali, mwanamke wa mji wa kale, mwenye buibui lililopigwa pasi na ulimi uliopigwa pasi vile vile. Alimsikiliza Quinter mpaka mwisho, kisha akavua miwani.

"Kwinta, wewe ndiwe uliyefanya haya?"

"Ni mimi, Bi Jalila."

"Na yuwataka nini huyo kijana? Faili zima? Mwambie faili ni mali ya hospitali. Mpe muhtasari mwengine, mzuri, bila ya hicho kifafa, tumalize mambo. Kwani lazima tujianike uwanjani?"

"Karatasi ni zetu, Bi Jalila. Habari zilizoandikwa ni zake. Tukikataa, lazima tukatae kwa maandishi na sababu, naye ana haki ya kwenda kulalamika kwa Kamishna wa Data. Sasa tutaandika sababu gani? Kwamba Quinter anaona aibu?"

Bi Jalila akarudisha miwani machoni. Quinter, ambaye siku zote akiingia ofisi ile huongea akiangalia zulia, safari hii aliinua uso.

"Tena kuna mtu wa pili," akaendelea. "Siri ya babu yake imeandikwa kwenye muhtasari na imetoka nje ya hospitali. Imetoka kwa jina la mjukuu, lakini imetoka. Hilo nalo sheria inataka tuliripoti ndani ya saa sabini na mbili. Nimehesabu kuanzia leo saa sita."

"Wallahi wewe leo umekuja kuniua," akasema Bi Jalila. Akainuka, akaenda dirishani, akarudi. Halafu akafanya jambo ambalo Quinter hakulitarajia. Akachukua simu, akamwita Daktari Gedion, mganga mkuu. "Daktari, njoo juu. Kuna kosa letu, na tuna mtu mwenye ujasiri wa kulisema. Tusimwache peke yake."

Quinter alishuka ngazi akilia, na hakuwa na uhakika analia kwa nini.

Jumanne mzee aliitwa. Simu alipigiwa yeye mwenyewe, na aliambiwa tu kwamba hospitali imepata karatasi zake za zamani. Alikuja na fimbo na kofia, amevaa shati jeupe kama anayekwenda kortini. Waliketi kwenye chumba cha ushauri, mlango umefungwa: mzee, Daktari Gedion na Quinter.

"Mzee wangu," Quinter akasema, "kosa nililifanya mimi. Karatasi zako nilizitia kwenye faili la mtu mwengine. Naomba radhi." Kisha akamweleza yote yaliyofuata, bila kumtaja huyo mwengine ni nani.

Mzee hakuwa mjinga. "Kuna Ngowa Katana mmoja tu zaidi yangu," akasema. "Somo wangu, mjukuu wangu. Ndiyo maana wiki nzima hali ugali." Akaegemea fimbo. "Lakini yeye hajui kwamba mimi naanguka. Hakuna ajuaye, ila bibi yake, na bibi yake ameshatangulia. Kwetu ukisema kifafa, watu wanauliza ni nani aliyekuroga, halafu watoto wako hawaozwi. Nimeficha miaka kumi na mitano. Vidonge nanunua Kongowea kwa karatasi ile ile ya zamani."

"Kipimo kile kile, tangu 2015?" akauliza Daktari Gedion.

"Kile kile. Siku hizi naanguka zaidi. Huwa nasema nimejikwaa."

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hakuna aliyemtajia mzee methali ile. Daktari alimpima pale pale, akambadilishia dawa, akampangia siku ya kurudi. Quinter akamwonyesha zile kurasa kumi na nne, moja baada ya moja, na mzee akatia dole gumba kwenye fomu kwamba ni zake.

"Sasa nataka unijibu," mzee akasema akimkazia macho Quinter. "Utamwambia?"

"Siyo yangu kusema. Bila ruhusa yako sitamwambia."

"Ruhusa sitoi. Lakini asikose meli kwa ajili yangu. Mudzukulu wangu asikose meli!"

Quinter aliahidi yote mawili. Aliporudi ofisini akajiona amebeba ndoo mbili za maji kichwa kimoja. Barua lazima imwokoe kijana, na isimfichue mzee. Ikisema kidogo mno, daktari wa mabaharia hataiamini. Ikizidisha neno moja tu, kwa mfano "jamaa" au "mwenye jina kama lako", siri imekwisha. Aliandika, akachana, akaandika. Jumatano ikapita. Bi Jalila akaisoma rasimu ya nne, akafuta maneno matatu ya kujipendekeza, akasema, "Kiswahili chako kimenyooka, binti wa Homa Bay." Alhamisi Daktari Gedion alimwita Ngowa, akampima, akamhoji, akaandika taarifa yake mwenyewe. Ripoti ya siri iliyotoka nje nayo ikapelekwa kwa Kamishna katika muda wake. Alhamisi jioni barua ikachapwa, nayo ilisema hivi:

*Ndugu Ngowa Katana,*

*Tumepokea ombi lako la Jumatatu la kupewa nakala ya kumbukumbu zako zote za matibabu. Haki hiyo unayo, na ombi lako limekubaliwa. Umeambatanishiwa kurasa arubaini na moja, kila moja ina mhuri na sahihi. Hizo ndizo kumbukumbu zako zote tulizo nazo.*

*Ni vyema ujue yasiyomo na sababu zake. Kadi yako ya kliniki ya utotoni hukaa na mzazi, nasi hatuna. Picha ya mkono uliovunjika ulipewa mwenyewe mwaka wa 2016. Tuliyo nayo ni maelezo ya picha hiyo, na umepewa. Vitabu vya maabara na vya chumba cha upasuaji vina majina ya wagonjwa wengine, kwa hivyo hatutoi nakala ya vitabu. Majibu yako yote yametolewa kutoka humo na kuambatanishwa.*

*Katika faili lako palikuwa na kurasa kumi na nne ambazo si zako. Ziliwekwa humo kimakosa na mfanyakazi wa hospitali mwaka wa 2015. Zinamhusu mtu mwengine, na kama tunavyolinda siri yako, tunalinda na yake. Hatuwezi kukupa nakala wala kukutajia mwenyewe. Zimeondolewa mbele ya mganga mkuu, na maelezo ya kuondolewa kwake yameandikwa na kubaki katika faili ili yeyote atakayelisoma ajue kilichotokea.*

*Neno kifafa katika muhtasari uliopewa lilitoka katika kurasa hizo. Halikuhusu. Muhtasari huo umebatilishwa, na taarifa ya mganga mkuu baada ya kukupima imeambatanishwa. Daktari wako akitaka kuthibitisha, ampigie mganga mkuu kwa idhini yako ya maandishi.*

*Usiporidhika na jibu hili, waweza kutuandikia tulipitie upya, au kupeleka malalamiko kwa Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data.*

*Tumekukosea, na tunakuomba radhi.*

Chini palikuwa na sahihi ya Daktari Gedion. Chini yake Quinter aliongeza kwa mkono wake: *Mfanyakazi aliyekosea ni mimi, Quinter Adhiambo.* Hakuna aliyemwamuru. Bi Jalila aliuona mstari ule, akafungua mdomo, akaufunga.

Ijumaa saa nne Ngowa alifika. Akaonyesha kitambulisho, akatia sahihi kwenye kitabu cha kupokelea, akaisoma barua amesimama. Alipofika kwenye kurasa kumi na nne, uso ukabadilika.

"Ni za nani?"

"Sikwambii."

"Mama, mtu huyu nusura animalizie maisha!"

"Aliyekosea si yeye. Ni mimi. Soma mpaka chini."

Akasoma. Akamtazama Quinter, akautazama tena mwandiko ule. Quinter alisubiri matusi, na angeyapokea. Kijana akashusha pumzi ndefu.

"Ungeweza kunyamaza," akasema.

"Ningeweza. Halafu daktari wako angesema wewe ndiye uliyechomoa karatasi. Na nikikwambia ni za nani, kesho na zako nitamwambia nani?"

Ngowa alizitia karatasi kwenye bahasha, akatoka kwa hatua za haraka. Quinter alikaa siku tatu bila hamu ya chakula. Jumatatu alilikosa faili rafuni mara mbili, yeye Quinter, mpaka madaktari wakaulizana kama anaumwa.

Jumatano, saa saba na robo, kelele zilianzia getini. Askari alikuwa akisema, "Polepole, hapa hospitali!" na mtu akawa hamsikilizi. Ngowa alipita maabara, akapita benchi la akina mama, ameinua karatasi juu ya kichwa.

"Nimepita! Mama Quinter, nimepita! Alimpigia daktari wenu, akasoma barua yako mara mbili, akasema hajawahi kuona hospitali ikijiandika makosa. Akagonga mhuri! Jina langu limeingia!"

Akamkumbatia Quinter dirishani, nusu ya mwili wake ikiwa ndani ya ofisi. Akina mama wakapiga vigelegele bila kujua ni harusi ya nani. Quinter akacheka, na kicheko kile kilisikika mpaka kwa Bi Jalila juu, ambaye alitoka ukumbini akasimama ngazini, mkono kiunoni, akitabasamu waziwazi.

Katikati ya shangwe ile, mtu akakohoa. Watu wakageuka. Ilikuwa siku ya mzee kurudi kliniki, naye alikuwa amesimama kwenye foleni na fimbo yake, shati jeupe, kofia.

"Babu!" Ngowa akashtuka. "Wewe wafanya nini hapa? Umeanguka tena? Umejikwaa?"

Quinter akachukua kalamu, akainamia daftari, akajifanya haoni. Mzee akatembea mpaka dirishani, taratibu, huku kila mtu akimpisha. Akamtazama mjukuu wake, halafu karatasi ile yenye mhuri, halafu akina mama wote wa benchini.

"Shikamoo, mzee," Quinter akasema kwa sauti ndogo. "Nikusaidie nini?"

"Marahaba." Mzee akaweka fimbo juu ya ubao, akasema kwa sauti ya mtu anayetaka kusikika mpaka getini, "Nataka faili langu. Ngowa Katana, yule mkubwa. Lile la kifafa."

Ngowa akabaki na karatasi hewani, midomo wazi, hesabu zikimpita usoni moja baada ya moja. Kisha akaishusha karatasi, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Akamshika babu yake mkono.

"Mama Quinter," akasema, "mpe mzee faili lake. Na kiti."